Mlinganyo wa chati unanipa watu hasi milioni 197 kwa Dar mwaka 2012, kosa liko wapi?

Kibo_Tabata

Wakuu, habari za jioni. Nina idadi ya watu wa mkoa wa Dar es Salaam kutoka sensa tatu za mwisho, nimeziandika kwa milioni: 2002 ni 2.49, 2012 ni 4.36 na 2022 ni 5.38. Nahitaji makadirio ya 2007 na 2017 kwa ajili ya ripoti ya mahitaji ya maji.

Nimechora chati kwenye lahajedwali, nikaiambia ipitishe mkunjo wa digrii ya pili. Mkunjo unapita juu ya nukta zote tatu, haukosi hata moja. Nikaomba iandike mlinganyo wake, ikaniandikia hivi:

```
y = -0.0043x² + 17.247x - 17491
```

Nikiweka x = 2012 kwenye kikokotoo napata -197.06. Mchoro unasema 4.36, mlinganyo wa mchoro huo huo unasema hasi milioni 197. Nimerudia hesabu kwa simu na kwa karatasi, jibu ni lile lile.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, hili kosa linatoka wapi? Pili, kuna uwezekano kwamba ipo mikunjo mingine ya digrii ya pili inayopita nukta hizo hizo, na chati imechora mmoja ikaandika mwingine?

---

Mkimara

Mkuu, hapo tatizo ni matriksi ya Vandermonde. Chati inapotafuta koefishenti inatatua milinganyo mitatu kwa pamoja, na kila mstari wa matriksi ni 1, x, x². Sasa x zako ni 2002, 2012, 2022, zinakaribiana mno, kwa hiyo mistari inafanana na determinanti inakuwa karibu na sifuri. Determinanti ikikaribia sifuri jibu haliwi moja tena, yanakuwa mengi. Programu imechagua mojawapo.

Kitu kingine, angalia nukta zisiwe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Zikinyooka, digrii ya pili haina jibu.

---

Mama Hesabu

Mkimara, umegusa mahali penyewe kwamba mistari ya matriksi inafanana, ila mengine naomba tuyanyooshe, kwa sababu mtu akiyachukua yalivyo atapotea.

Matriksi yake ni hii:

```
1   2002   4008004
1   2012   4048144
1   2022   4088484
```

Determinanti ya Vandermonde huhitaji kuihangaikia. Ni tofauti za x, kila jozi, zikizidishwa pamoja. Hapa ni 2012 kutoa 2002, mara 2022 kutoa 2002, mara 2022 kutoa 2012, yaani 10 × 20 × 10 = 2000. Elfu mbili haiko karibu na sifuri. Na ukitazama jinsi ilivyoundwa utaona kwamba haiwezi kuwa sifuri mpaka x mbili ziwe sawasawa kabisa. Hilo ndilo sharti pekee la jibu kuwa moja: idadi ya nukta iwe sawa na idadi ya koefishenti, na x zote ziwe tofauti. Thamani za y hazina kauli hapo, ziwe zozote.

Asiyependa determinanti aangalie kwa njia hii. Tuseme ipo mikunjo miwili ya digrii isiyozidi 2 inayopita nukta zako zote tatu. Utoe mmoja kwenye mwingine. Kinachobaki nacho ni polinomia ya digrii isiyozidi 2, na ni sifuri penye 2002, penye 2012 na penye 2022. Polinomia ya digrii ya pili haiwezi kugusa sifuri mara tatu isipokuwa yenyewe yote ni sifuri. Basi mikunjo ile ilikuwa mmoja tangu mwanzo. Kibo, swali lako la pili limeishia hapo: chati haikuwa na mkunjo mwingine wa kuchagua.

Suala la nukta zilizonyooka, jibu lipo na ni moja vilevile. Koefishenti ya x² inatoka sifuri, unabaki na mstari. Ndiyo maana nasema "digrii isiyozidi 2", sisemi "digrii ya 2".

Sasa hasi milioni 197. Koefishenti halisi za data yako ni hizi:

```
y = -0.00425x² + 17.2465x - 17490.986
```

Jaribu 2012. Sehemu ya kwanza ni -17204.612, ya pili 34699.958, ya tatu -17490.986. Jumla ni 4.36 kamili. Ona kinachofanyika: unajumlisha namba za makumi elfu zinazofutana karibu zote ili ubaki na nne na ushee. Chati ilipoandika -0.0043 badala ya -0.00425 imekosea kwa 0.00005 tu. Lakini x² kwa mwaka 2012 ni 4,048,144, na 0.00005 mara hiyo ni kama 202. Hizo ndizo milioni zako zilizopotea. Mchoro umetumia koefishenti zenye desimali zote zilizomo kwenye mashine, wewe umepewa zilizokatwa kwa ajili ya kusomeka. Ukibadilisha muundo wa maandishi ya mlinganyo pale kwenye chati uonyeshe desimali kumi na zaidi, hesabu yako itakubali.

Lakini hiyo ni kuziba tundu moja. Dawa ni kuacha kutumia mwaka mzima kama x.

---

Kibo_Tabata

Nimeongeza desimali, 2012 imetoa 4.36. Asante sana dada. Ila nifafanulie hapo mwisho. Niache mwaka nitumie nini?

---

Mama Hesabu

Hesabu miaka kuanzia katikati ya data yako, na uipime kwa miongo: t = (mwaka - 2012) / 10. Sensa zako tatu zinakuwa t = -1, 0 na 1. Matriksi inakuwa hivi:

```
1   -1   1
1    0   0
1    1   1
```

Hii unaitatua kwa kalamu. Mstari wa kati unasema koefishenti ya kwanza, a, ni 4.36, basi. Toa mstari wa kwanza kwenye wa tatu: 2b = 5.38 - 2.49 = 2.89, kwa hiyo b = 1.445. Jumlisha wa kwanza na wa tatu: 2a + 2c = 7.87, kwa hiyo c = 3.935 - 4.36 = -0.425.

Mkunjo ni 4.36 + 1.445t - 0.425t². Ni ule ule wa mwanzo, umevaa namba nyingine. Mwaka 2007 ni t = -0.5, unapata 3.53. Mwaka 2017 ni t = 0.5, unapata 4.98. Sensa zetu zote hizi zilifanyika Agosti, kwa hiyo makadirio hayo ni ya Agosti pia, sio Januari.

Na sasa ukikata desimali hakuna kinachoharibika. Andika 1.45 badala ya 1.445, kosa lako kwa mwaka wowote kati ya 2002 na 2022 halizidi 0.005, yaani watu elfu tano.

Kwa Python:

```python
import numpy as np
t = (np.array([2002, 2012, 2022]) - 2012) / 10
y = np.array([2.49, 4.36, 5.38])
V = np.vander(t, increasing=True)
print(np.linalg.solve(V, y))
print(np.linalg.cond(V))
```

Usisahau `increasing=True`. Ukiiacha, safu zinaanza na kipeo kikubwa, koefishenti zinatoka kinyumenyume, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaouona. Njia ya kugundua ni kwamba namba ya kwanza inayotoka lazima iwe 4.36, kwa sababu ndiyo thamani ya mkunjo penye t = 0.

---

Mkimara

Nimeelewa kuhusu jibu kuwa moja. Ila bado kuna kitu hakijakaa. Determinanti ya matriksi yako mpya ni 1 × 2 × 1 = 2. Ya miaka ni 2000. Kwa hiyo mbaya ndiyo yenye determinanti kubwa mara elfu moja? Basi mtu atajuaje matriksi ni mbaya kabla hajaumia?

---

Mama Hesabu

Swali zuri, na wengi hukwama hapo hapo. Determinanti inajibu kitu kimoja tu: ni sifuri au sio sifuri. Haikwambii uko umbali gani na hatari. Ukibadili vipimo, tuseme kutoka mwaka kwenda mwezi, determinanti inapanda au inashuka na ugumu wa kazi ni ule ule.

Kinachokwambia ni ile namba ya mwisho kwenye kodi, `np.linalg.cond`. Inasema kosa dogo kwenye data linaweza kukuzwa mara ngapi likifika kwenye koefishenti, kwa hali mbaya kuliko zote. Kwa t ni kama 3.2. Kwa miaka mizima ni kama 3.5 × 10¹¹. Mashine inabeba tarakimu kama kumi na sita kwa kila namba. Ukiipa matriksi ya 10¹¹, tarakimu kumi na moja hivi ziko rehani, unabaki na nne au tano za kuamini. Kwa nukta tatu bado unapona. Ongeza sensa nyingine kwa miaka mizima, tarakimu zote zinaingia rehani.

---

Fundi Matangi

Samahani naingilia. Nina tangi la dizeli la silinda limelazwa, kipenyo sentimita 120, urefu sentimita 125. Tunapima kwa kijiti, tunaandika kina na lita zilizomiminwa. Nina vipimo tisa nataka mlinganyo mmoja wa kubadili kina kuwa lita. Nimefanya kama hapo juu, lakini inagoma:

```
numpy.linalg.LinAlgError: Singular matrix
```

Nimeangalia, kina cha sentimita 40 kimeandikwa mara mbili, siku mbili tofauti, kimoja lita 410 na kingine 418. Nikibadilisha kimoja kiwe 40.1 inakubali. Hiyo ni sawa?

---

Mama Hesabu

Fundi, usifanye hivyo. Ukiwa na 40 mara mbili, mistari miwili ya matriksi inakuwa nakala. Toa mmoja kwenye mwingine: kushoto inabaki sifuri, kulia inabaki 8. Sifuri sawa na nane haiwezekani, hakuna polinomia inayompa mtu lita mbili tofauti kwa kina kimoja. Na hata kama zote zingekuwa 410, ungepata sifuri sawa na sifuri, halafu mikunjo isiyo na idadi, kwa kuwa una koefishenti tisa na taarifa za nukta nane tu. Mashine imekugomea kwa haki.

Ukiandika 40.1 umeondoa ujumbe wa kosa, tatizo umeliacha. Sasa unalazimisha mkunjo upande lita 8 ndani ya milimita moja, yaani kwa mwendo wa lita 80 kwa sentimita. Tangi lako mahali pake papana kuliko pote, penye kina cha sentimita 60, lina upana wa 120 na urefu wa 125. Sentimita moja ya kina pale ni lita 15. Hakuna mahali kwenye tangi hilo sentimita moja inabeba zaidi ya hapo. Chora mkunjo wako kila nusu sentimita, utaona unaruka juu na chini kuzunguka pale penye 40.

Penye kina cha 40 sentimita moja ni kama lita 14, kwa hiyo tofauti yenu ya lita 8 ni kijiti kusomwa vibaya kwa zaidi kidogo ya nusu sentimita. Ni kosa la kawaida la kipimo. Chukua wastani, 414, ubaki na nukta nane. Au acha kabisa kulazimisha mkunjo upite kila nukta: tumia digrii ya 3 kwa vipimo vyote tisa, kwa njia inayopunguza jumla ya vipeo vya pili vya makosa. Huko x kujirudia sio kosa, mradi una angalau x nne zilizo tofauti. Kwa digrii ya 3 jibu linakuwa moja.

---

Msinza

Fundi, kwa silinda iliyolazwa hata polinomia huihitaji. Eneo la sehemu iliyojaa lina kanuni yake ya jometri. Kwa kipenyo chako, kina cha 40 ni sentimita za mraba 3300 hivi, mara urefu 125 unapata lita 412. Vipimo vyenu vyote viwili viko jirani na hapo. Tumia kanuni, vipimo vya kijiti viwe vya kuikagua. Ila tangi likiwa na vichwa vilivyobinuka au limelala upande mmoja, kanuni hiyo peke yake haitoshi.

Nirudi kwa Kibo. Kwa nini utumie sensa tatu wakati tunazo sita? 1967 Dar ilikuwa 0.36, 1978 ni 0.84, 1988 ni 1.36. Digrii ya 5 kwa nukta sita, jibu ni moja, kama ilivyothibitishwa hapo juu. Taarifa nyingi, makadirio bora.

---

Mama Hesabu

Jibu ni moja, ndiyo. Kuwa bora ni habari nyingine. Nimeongeza sensa moja moja kurudi nyuma, kila mara nikatatua upya kwa t ile ile, nikasoma 2007 na 2032:

```
sensa   2007    2032
  3     3.53    5.55
  4     3.44    4.02
  5     3.38    1.92
  6     3.34   -0.56
```

Kila mstari ni mkunjo wa pekee unaopita nukta zake zote bila kosa. Kwa 2007, ambayo iko katikati ya data, wanatofautiana kwa chini ya laki mbili. Kwa 2032, miaka kumi tu nje ya data, wa kwanza anasema milioni 5.55 na wa mwisho anasema hasi. Hata ule wa sensa tatu una kilele chake penye t = 1.7, yaani 2029, kisha Dar inaanza kupungua. Hakuna aliyeiambia hivyo, ni umbo la digrii ya pili lenye c hasi. Ukirudi nao nyuma hadi 1988 unakupa hasi 1.56.

Na kwa sensa sita usijaribu kutumia miaka mizima. Kiwango cha kukuza makosa kinapita 10²⁰, zaidi ya tarakimu zote ilizonazo mashine. Kwenye karatasi matriksi haina shida, x zote ni tofauti. Kwa kipimo hicho, mashine haiitofautishi na matriksi yenye determinanti sifuri. `np.linalg.solve` inaweza kukupa koefishenti bila kulalamika hata kidogo.

---

Mzee wa Ramani

Mimi sikubaliani na polinomia hata kwa 2017. Watu huongezeka kwa asilimia, kwa hiyo pitisha mkunjo kwenye logi ya idadi, halafu urudi. Angalau haitakupa watu hasi. Kati ya 2002 na 2012 Dar ilikua kwa 5.6% kwa mwaka, kati ya 2012 na 2022 ikawa 2.1%. Na hiyo 2.1% yenyewe ina mpaka ndani yake: Pwani katika muongo huo huo ilitoka 1.10 ikafika 2.02, karibu mara mbili. Mtu aliyehama Mbagala akajenga Mkuranga, au aliyetoka Kimara akaenda Kibaha, kwenye namba za Kibo ametoweka, lakini kila asubuhi yuko Kariakoo.

---

Mama Hesabu

Mzee, logi inazuia hasi, hapo uko sahihi, na matriksi ya Vandermonde inabaki ile ile kwa kuwa inategemea t tu. Lakini logi yenye nukta tatu nayo ni digrii ya pili, nayo ina kilele, inajipinda ikashuka vilevile. Kwa katikati ya data sioni ikibadilisha mengi. Kuhusu Pwani sina la kupinga.

---

Mzee wa Ramani

Kwa maji inabadilisha, dada, kwa sababu bomba halijui mpaka wa mkoa. Mimi ningejumlisha Dar na Pwani kwanza ndipo nipitishe mkunjo.

---

Kibo_Tabata

Ripoti yangu ni ya Dar peke yake, ndivyo nilivyoagizwa. Nimeandika 3.53 kwa 2007 na 4.98 kwa 2017, na chini ya jedwali nimeweka t ilivyopatikana na koefishenti tatu, ili anayekagua aweze kurudia. 2032 nimeiacha wazi. Mzee, una idadi ya Pwani kwa 2002? Nataka kujaribu ya pamoja pembeni nione 2017 inasogea kiasi gani.

---

Fundi Matangi

Nimechukua 414 kwenye kina cha 40, nukta nane, imekubali. Lakini karibu na juu ya tangi, kati ya sentimita 105 na 120, mkunjo unapanda, unashuka kidogo, halafu unapanda tena. Tangi haliwezi kupungua lita ukiongeza kina. Hakuna kina kilichojirudia huko, nimekagua.

---

Msinza

Weka hapa vipimo vyote nane tuvione. Na useme kina ulikiweka kwa sentimita hivyo hivyo au ulikihamishia katikati kwanza.